Jinsi ya kuandika mwanga na rangi ndani ya sini: kutoka meza yenye joto hadi chumba kilichopoa

Wanaoanza kuandika skripti huniuliza maswali mawili yaleyale. La kwanza: niandike mwanga ndani ya sini, au kazi hiyo nimwachie mpigapicha? La pili: sini ya huzuni huandikiwa rangi gani?

La kwanza jibu lake ni ndiyo, andika, lakini uandike kile tu ambacho hadithi inakihitaji. La pili limeanzia upande usiofaa. Rangi haitoki kwenye huzuni. Inatoka kwenye taa, dirisha, moto au kioo cha simu, na ndani ya sini yupo mtu anayeiwasha, anayeizima au anayeiacha nyuma ya mgongo wake. Ukishampata mtu huyo na chanzo hicho, maelezo yako ya mwanga yameshapata pa kushika.

Hapa tutafuata sini moja tu mwanzo hadi mwisho. Baba, Mama na Binti wako mezani jioni wakitazama albamu ya picha za zamani. Wanacheka. Simu ya Mama inaingia ujumbe, na kwa ujumbe huo anajua kwamba Baba alipoteza kazi miezi mitatu iliyopita na hakusema. Sini inaisha kwa ukimya. Nimeichagua kwa sababu kuandika sini yenye joto peke yake si kazi ngumu, na yenye ubaridi peke yake vilevile. Kinachowashinda wengi ni kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ndani ya chumba kilekile bila taa kubadilika kimiujiza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sini iliyokwisha kuandikwa, ikiwa na vitendo na mazungumzo yake. Ukianza na mwanga kabla ya vitendo utaishia kupamba.
- Mchoro wa chumba, hata uwe wa mistari minne ya kalamu. Onyesha milango, madirisha, kila taa, na mahali alipokaa kila mhusika.
- Saa halisi ya sini. Neno "jioni" peke yake halitoshi, maana dirisha dakika kumi kabla ya jua kuzama ni la dhahabu, na dakika ishirini baada ya kuzama ni la bluu.
- Taa moja ya mezani, karatasi kadhaa nyeupe na simu yenye kamera, kwa jaribio la mwishoni.

1. Tafuta mstari ambapo joto linakatika

Soma sini yako ukiwa na kalamu na uweke alama mahali ambapo mtu wa kwanza anajua. Wengi huweka alama pale ugomvi unapoanza, na hapo ni kuchelewa. Katika sini yetu ugomvi hauji kabisa, lakini joto limekatika mara Mama anapomaliza kusoma ujumbe, huku wenzake wawili wakiendelea kucheka.

Kisha weka alama ya pili, mahali mtu wa mwisho anapotambua. Kwetu ni Baba, anapoinua macho kutoka kwenye albamu. Kati ya alama hizo mbili kuna nusu ukurasa. Kwa kipimo cha kawaida cha skripti, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha, kwa hiyo una kama sekunde thelathini ambamo mtu mmoja yuko kwenye ubaridi na wawili bado wako kwenye joto, meza ni moja. Sekunde hizo ndizo zinazohitaji maelezo ya mwanga kuliko sehemu nyingine yoyote ya sini. Maelezo mengi weka hapo, na kwingine uwe mchache wa maneno.

2. Orodhesha vyanzo vya mwanga vilivyomo chumbani

Rudi kwenye mchoro. Sini yetu ina vyanzo vinne: taa yenye kava la kitambaa inayoning'inia chini juu ya meza, dirisha nyuma ya meza, taa ya tyubu jikoni ambayo mlango wake umefungwa, na simu ya Mama. Hivyo vinatosha. Mwanga wowote utakaouandika lazima utoke kwenye kimojawapo.

Sasa jua kila kimoja kina rangi gani. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa uko karibu 1,900, balbu ya manjano ya nyumbani karibu 2,700, mwanga wa mchana karibu 5,600, na kivulini chini ya anga la bluu hupita 7,000. Namba ikipungua mwanga unaelekea rangi ya machungwa, ikipanda unaelekea bluu. Namba hizi hazina nafasi kwenye skripti yako. Zinakusaidia kujua vyanzo gani vikikaa pamoja vitatofautiana machoni.

Kuna jambo moja la kamera ambalo mwandishi anapaswa kulielewa, kwa sababu bila hilo utaandika kitu kisichowezekana. Kamera huambiwa mwanga upi iuhesabu kuwa mweupe. Kwenye kioo chake mpangilio huo huandikwa WB. Ikiufuata mwanga wa taa yetu ya meza, taa itaonekana nyeupe na dirisha litakuwa bluu nzito. Ikiufuata mwanga wa mchana, dirisha litakaribia weupe na meza itakuwa ya machungwa. Ikiwekwa katikati, tuseme 4,300, taa itakuwa na umanjano kidogo na dirisha bluu kidogo. Kwa hiyo "joto" na "baridi" kwenye picha ni uhusiano kati ya vyanzo viwili. Ukitaka taa ionekane ya joto, mpe mtazamaji kitu cha baridi pembeni yake alinganishe. Ndiyo maana dirisha limo kwenye sini yetu tangu mstari wa kwanza, ingawa hakuna anayelijali.

3. Andika mwanzo wenye joto

Maelezo ya mwanga yana sehemu tatu: chanzo, kinachoangukiwa, na kinachoachwa nje. Huu ndio mwanzo wa sini yetu:

> NDANI. SEBULE – JIONI, JUA LIMESHAZAMA
>
> Taa yenye kava la kitambaa inaning'inia chini juu ya meza. BABA, MAMA na BINTI wameinamia albamu iliyofunguliwa, nyuso zao zote ndani ya duara la manjano. Kurasa nyeupe zinarudisha mwanga machoni mwao. Nyuma yao dirisha limeanza kuwa bluu, hakuna anayeliangalia.

Tazama sentensi ya kurasa nyeupe. Taa iliyo juu ya kichwa, ikiachwa peke yake, hutia kivuli kwenye mashimo ya macho na chini ya pua. Karatasi nyeupe iliyo chini ya uso hurudisha mwanga juu na kuvijaza vivuli hivyo, na uso unakuwa laini na wazi. Watu wa taa hufanya hivyo kila siku kwa ubao mweupe. Sisi tumeufanya ubao huo kuwa albamu, yaani kitu cha hadithi, na baadaye mtu ataufunga.

Joto halitokani na umanjano peke yake. Mwanga uliopita kwenye kitambaa hauna kingo kali za vivuli. Taa iko karibu na watu, na wote watatu wameenea ndani ya duara moja. Ukiandika "mwanga wa manjano" tu bila mambo hayo, unaweza kupata chumba chenye rangi ya machungwa ambacho hakimpi mtu hisia yoyote.

*Angalizo:* usiandike "mwanga wa upendo", "mwanga wa huzuni" au "mazingira ya simanzi". Niliwahi kuandika "mwanga wa majuto" kwenye sini ya hospitali, na mtu wa taa akaniuliza kwa upole kabisa, "Unatoka wapi?" Sikuwa na jibu, na watu wanane walisimama wakisubiri nilipate. Tangu siku hiyo, kila sifa ya hisia ninayoikuta karibu na neno "mwanga" naifuta na kuweka jina la chanzo.

4. Upoze chumba kwa vitendo vya watu

Hii ndiyo hatua yenye kazi. Kanuni yake ni fupi: mwanga usibadilike bila mtu kufanya kitu, au bila saa kwenda. Ukiandika "mwanga unabadilika kuwa wa baridi", umeiondoa sini mikononi mwa wahusika na kuikabidhi kwa fundi wa taa. Sisi tutatumia vitendo vinne vidogo.

Cha kwanza ni simu. Mama anapousoma ujumbe, kioo chake kinamtupia weupe kutokea chini, kwenye kidevu na mashavu. Uso mmoja umebadilika rangi na miwili bado. Hapa hadithi inaonekana kabla haijasemwa.

Cha pili ni kiti. Mama anakirudisha kiti chake nyuma. Mwanga wa taa ndogo hupungua haraka mno kwa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na robo. Mama aliyekuwa mita moja kutoka kwenye taa akisogea hadi mita mbili, sehemu tatu kati ya nne za mwanga wa taa zimemtoka, na mwanga wa dirisha, ambao kwake haujabadilika sana, unaanza kumshika begani. Amepoa bila taa yoyote kuguswa. Waandishi wengi hawajui kwamba wana uwezo huu. Kumsogeza mhusika ni kuandika mwanga.

Cha tatu ni albamu. Mama anaufikisha mkono mezani na kuifunga. Ule mwanga uliokuwa ukirudi kutoka kwenye kurasa unatoweka, na macho ya Baba yanazama kivulini.

Cha nne ni mlango wa jikoni. Mama anaufungua na weupe wa tyubu unaingia sebuleni kama mstari sakafuni, hadi kwenye miguu ya meza.

> Simu ya Mama inawaka. Anaisoma kwenye mapaja. Weupe wake unampanda usoni kutokea chini. Baba na Binti wanaendelea kucheka ndani ya manjano.
>
> Mama anarudisha kiti nyuma. Bega lake linaingia kwenye bluu ya dirisha.
>
> BINTI
> Na huyu je, ni nani?
>
> Mama haangalii picha. Anaifunga albamu, taratibu. Macho ya Baba yanazama kivulini. Anainua kichwa.
>
> Mama anaenda jikoni, anafungua mlango. Mstari mweupe unakata sakafu hadi mezani.

Nimeandika mistari michache na kila mmoja una kitendo ndani yake. Hakuna mstari hata mmoja ambao ni wa mwanga pekee. Ukitaka kujipima, funika maneno yote ya mwanga kwa kidole. Kama kinachobaki bado ni sini inayoeleweka, umeandika vizuri. Kama panabaki pengo, ulikuwa unautumia mwanga kusema jambo ambalo wahusika walipaswa kulifanya.

*Angalizo:* usiandike kamera. "Kamera inasogea karibu na uso uliomwagikiwa na bluu" ni kuingilia kazi ya mwongozaji, na maelezo ya aina hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Uso unaozama kivulini humwambia mwongozaji kwamba panahitajika shoti ya karibu, nawe hukumwamuru.

5. Andika mwisho wa baridi, na uache kipande cha joto

Kishawishi hapa ni kulowesha kila kitu bluu. Usifanye hivyo. Jicho la binadamu huzoea: likikaa ndani ya mwanga wa rangi moja kwa muda, huanza kuihesabu rangi hiyo kuwa ya kawaida. Chumba kilichokuwa cha kutisha kinakuwa chumba tu. Ubaridi hudumu pale panapobaki kitu cha joto cha kulinganisha.

> Mama amesimama mlangoni mwa jikoni, tyubu nyuma yake. Uso wake hauonekani. Baba amebaki chini ya taa peke yake, viti viwili vitupu kando yake. Taa ni ileile. Macho yake sasa ni mashimo mawili.
>
> Binti amesimama katikati, upande mmoja wa uso ukiwa na manjano, wa pili mweupe.

Taa ya meza haikuzimwa. Ni ileile iliyokuwa ikiwakusanya watatu, na sasa inamwangukia mtu mmoja kutoka juu, bila albamu ya kumrudishia mwanga machoni. Mwanga wenye joto umekuwa kama taa ya kuhojiwa. Naamini hili lina nguvu kuliko bluu yoyote, kwa sababu mtazamaji anaikumbuka taa hiyo ilikuwa nini dakika moja iliyopita.

Jambo la kulijali hapa ni ngozi nyeusi kwenye mwanga hafifu wa baridi. Ikimulikwa kidogo kutoka mbele, umbo la uso hupotea. Inaonekana vizuri pale mwanga mpana unapokuja kutoka pembeni na kuacha mng'ao kwenye shavu na paji. Mwandishi anasaidia kwa kumweka mhusika kando ya dirisha au mlango, badala ya kumwelekeza uso kwa uso na chanzo kidogo cha mbali. Binti yetu amesimama pembeni ya vyanzo vyote viwili kwa sababu hiyo pia.

6. Chagua rangi moja ya kitu, basi

Nguo na vitu ni vya idara nyingine, ila kimoja unaweza kukiandika kama kinabeba sini. Kwetu ni jalada la albamu: jekundu. Chini ya taa ya manjano wekundu hung'aa. Mwanga wa bluu kali hauna wekundu wa kutosha wa kurudishwa, kwa hiyo kitu chekundu ndani yake huelekea weusi. Albamu iliyofungwa na kuachwa ukingoni mwa meza, upande wa dirisha, itafifia yenyewe. Andika mara mbili tu: "albamu yenye jalada jekundu" inapoingia, na "jalada limekuwa karibu jeusi" mwishoni. Mara ya tatu itasomeka kama fumbo unalomlazimisha mtu alitegue.

7. Toa karatasi ya hali za mwanga

Sini hazipigwi kwa mpangilio wa skripti, na hata ndani ya sini moja shoti zote za Baba zinaweza kupigwa kwanza. Mtu wa taa anahitaji kujua kila mstari uko kwenye hali gani. Kwa hiyo, nje ya skripti, andika karatasi fupi:

- Hali A, mwanzo hadi simu kuwaka: taa ya meza, albamu wazi, dirisha bluu nyepesi, mlango wa jikoni umefungwa.
- Hali B, simu hadi albamu kufungwa: kama A, lakini kioo cha simu kinawaka hadi Mama anaposogeza kiti, na tangu hapo yuko nje ya duara.
- Hali C, albamu imefungwa hadi mwisho: hakuna mwanga wa kurudi, dirisha kama kwenye A, mlango wa jikoni wazi tangu Mama anapoufungua.

Namba za kelvini zikitakiwa na timu yako, mahali pake ni karatasi hii.

8. Jaribu kabla ya kumpa mtu

Kaa karibu na dirisha baada ya jua kuzama, washa taa ya mezani yenye balbu ya manjano na uiinue iwe juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa. Weka karatasi nyeupe chini ya uso wake, piga picha, kisha ziondoe na upige nyingine. Halafu mwambie arudi nyuma mara mbili ya umbali wake na upige ya tatu. Kwenye simu tumia sehemu inayokuruhusu kufunga WB na mwangaza kwa mkono. Simu ikiachwa ijiamulie itasawazisha rangi na kuangaza kivuli, na hutaona tofauti uliyoiandika.

Mambo yakikwama

*Mwongozaji anasema maelezo ya mwanga ni mengi.* Hesabu mistari inayotaja mwanga. Ikizidi mitano kwa ukurasa, bakiza ile tu ambayo bila hiyo mtu asingeelewa nani amejua na lini. Kwenye sini yetu, kama ningelazimika kubakiza mmoja, ningeacha wa albamu kufungwa.

*Picha imetoka ya machungwa kila mahali na haina joto.* Chanzo cha baridi kimepotea. Mara nyingi dirisha limefungwa pazia au limeachwa nje ya fremu. Rudi kwenye mstari wa kwanza na uhakikishe dirisha liko nyuma ya watu, maana likiwa ukuta wa pembeni fremu inaweza kulikosa kabisa.

*Sini ya mwisho inaonekana kama ndoto au mbalamwezi.* Bluu imezidi na haina chanzo. Soma mistari yako ya Hali C na uangalie kama mlango wa jikoni umetajwa kwa jina. Weupe wa tyubu humrudisha mtazamaji ndani ya nyumba ya kawaida, na ubaya unaotokea ndani ya nyumba ya kawaida ndio tunaoutaka.

*Wamepiga mchana, dirisha linaingiza jua.* Hapo bluu ya dirisha haipatikani kwa maneno. Mtu wa taa anaweza kulifunika dirisha kwa nje na kuweka taa yake ya bluu nyuma yake. Kama hawana kitambaa cha kutosha wala taa, badilisha skripti: toa dirisha, fanya sini iwe usiku kabisa, na uache tyubu ya jikoni ibebe ubaridi wote. Mlango uwe wazi kidogo tangu mwanzo, ukiacha uzi mwembamba wa weupe sakafuni ambao hakuna anayeujali, na Mama aufungue wote anapopita.